Simu Moja, Ratiba Mbili

Kwa miaka mingi niliitwa kazini na blanketi. Sitanii. Chumba cha kufulia nguo za hospitali yetu kiko nyuma kabisa, chini ya mteremko, na juu ya paa lake kuna baraza ya saruji ya kuanikia. Hospitali iko upande mmoja wa bonde, na wengi wetu tulikaa upande wa pili, kwenye nyumba zilizopandiana hadi juu. Umeme wa Bukavu huja unapotaka wenyewe, na jenereta ya hospitali ni ya chumba cha upasuaji, si ya mashine za kufua. Ratiba ilibandikwa ukutani kila mwezi, ndiyo, lakini aliyetupangia zamu hasa alikuwa umeme.

Kwa hiyo mlinzi wa lango, akiona taa zinawaka alfajiri, alipanda barazani na kutundika blanketi jekundu kwenye kamba ya juu. Maana yake: njooni, zamu ya asubuhi ipo. Umeme usipokuwepo alitundika shuka la kijani la upasuaji, maana yake: kaeni nyumbani, mtakuja saa nane mchana. Nilikuwa nafungua mlango, natazama ng'ambo, na hapo hapo najua kama nitapika uji kwa utulivu au nitakimbia huku nikifunga kitambaa.

Sisemi blanketi lilikuwa zuri kwa kila mtu. Mwenzetu mmoja alikaa mtaa wa Kasha, huko hata ukipanda juu ya nyumba huoni kitu, na yeye alizoea kuja asubuhi kila siku na kukaa kwenye benchi akisubiri. Na miezi ya mvua ukungu ulijaa bondeni, tukabaki milangoni tumekodoa macho, kila mmoja akidai ameona nyekundu au kijani kulingana na anavyojisikia siku hiyo. Lakini tulilizoea. Mimi zaidi, kwa kuwa nilikuwa mkuu wa timu ya wafuaji sita, na mkuu wa timu asiyejua zamu yake ni ya lini hana cha kuongoza.

Ndipo likaja tangazo. Mkuu wa wafanyakazi alikuwa mpya, kijana mpole, mwenye kusalimia kila mtu hadi wasukuma machela, na alilibandika pale pale palipokuwa na ratiba ya ukutani. Lilikuwa la Kifaransa. Nilitafsiri kwa sauti, wenzangu wamenizunguka na mikono yao inachuruzika maji. Kuanzia mwezi unaofuata, ratiba ya wiki itafika kwa ujumbe wa simu kila Ijumaa saa kumi jioni. Mabadiliko ya ghafla yatafika kwa njia hiyo hiyo, saa yoyote. Ujumbe unatumwa na mashine, si na mtu. Ukiupata, jibu 1. Jibu halikati uniti. Mabadiliko yasiyojibiwa ndani ya saa moja, mashine itampa zamu hiyo mtu wa akiba. Asiyejibu mabadiliko ataandikiwa barua ya kujieleza, ile tunayoiita demande, na demande ya tatu itafikishwa kwa uongozi ili mkataba uangaliwe. Chini kabisa, mstari mmoja: vitambaa, mablanketi na ishara nyingine vimekoma.

Mwenzetu wa Kasha alipiga makofi, na haki alikuwa nayo.

Fomu za kuandika namba za simu zilinijia mimi, nijaze za timu yangu. Jina, namba ya kazi, namba ya simu, na chini yake mahali pa kusaini kwamba simu hiyo ni ya mwenyewe binafsi. Nilianza na yangu. Kisha nikamfuata Mama Mukubwa.

Ndivyo tulivyomwita wote, hata madaktari. Alikuwa mkubwa kwetu kwa umri na kwa kazi, na ndiye aliyenifundisha nilipofika nikiwa sijui kitu: kwamba nguo yenye damu huanza na maji baridi, kwamba shuka za upasuaji hupapaswa kwanza polepole kwa sababu ya sindano na mikasi iliyosahauliwa, kwamba mashine ikilia vibaya huizimi kwa hasira. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Miezi hiyo saba ilikuwa kila kitu kwake. Akitoka na barua ya kustaafu, angepata haki zake za uzeeni. Akitoka na barua ya kuvunjwa mkataba, angetoka mikono mitupu baada ya maisha mazima ya kufua damu za watu.

"Namba yako, Mama," nikamwambia.

"Miye siko na telefone. Ile yangu mutoto wangu wa mwisho alienda nayo Kamituga, njo anafanyia biashara yake."

"Lakini banasema kila mutu aandike ya kwake."

"Basi andika ya kwako," akasema, bila kuinua macho kwenye beseni. "Si tuko pamoja kila siku? Utaniambia."

Nikaandika. Naye akasaini kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi, kwamba simu ni yake. Sikuona kosa. Tena, niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Tangazo lilikuwa limeninyang'anya kazi ya kuwaambia watu habari za zamu, na hapa kuna mmoja aliyebaki ambaye habari zingemfikia kupitia kwangu.

Ijumaa ya kwanza saa kumi simu ilitetemeka mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulianza na namba yangu ya kazi, wa pili na ya kwake. Nikajibu 1 mara mbili, mara moja kwa kila mmoja, nikaenda kumwambia Mama Mukubwa siku zake, naye akazirudia kwa vidole. Rahisi kabisa. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Chumba cha kufulia kimejengwa kwa mawe mazito ya zamani. Mle ndani hakuna mtandao hata kidogo. Ili upate ujumbe lazima utoke, upande ngazi hadi barazani, usubiri, na simu itikisike yenyewe ikimeza yote iliyokosa. Mabadiliko yalikuja bila adabu yoyote: zamu ya asubuhi imekuwa ya mchana, ya mchana imekuwa ya Jumamosi, na saa moja ya kujibu inahesabiwa tangu ujumbe ulipotumwa, si tangu ulipouona. Nikaanza kupanda barazani kila baada ya dakika kumi. Kupanda, kushuka, kupanda. Nilifunga simu kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye aproni, na kwa kuwa mashine zetu zikikamua hutikisa meza, sakafu na tumbo la mtu, kila zilipokamua nilidhani ni ujumbe. Nilikausha mikono, nikafungua plastiki, hakuna kitu. Nikafunga. Mashine ikakamua tena.

Kanisani nilikaa karibu na mlango. Nyumbani niliwafokea watoto kwa kuigusa simu, na mume wangu aliponiuliza kama nimepata mpenzi wa pili nilimfokea yeye pia. Alikuwa anatania. Mimi sikuwa na nafasi ya utani. Nilikuwa na zamu za watu wawili kwenye betri moja, na umeme ukikatika siku mbili nilikuwa natafuta mahali pa kuchaji kama mtu anayetafuta dawa.

Jumatano moja ujumbe wa mabadiliko ulifika alfajiri, mbili kwa mpigo: sote wawili tuhamie mchana. Nikajibu 1, nikajibu 1 tena, nikapanda kwa miguu hadi nyumbani kwa Mama Mukubwa kumzuia asishuke. Saa nane tukaingia kazini pamoja. Dakika chache baadaye akaingia mwanamke wa usafi, amevaa buti, akasema ameitwa kuchukua nafasi ya Mama Mukubwa.

"Nafasi yangu?" Mama Mukubwa akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni. "Na miye huyu ni nani?"

Tulicheka wote, yule wa usafi pia. Tukampa shuka akunje hadi jioni, kwa kuwa alishapanda milima yote hiyo. Nikasema mashine imekosea, kama vile watu wanavyokosea.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Mama Mukubwa alinijia na karatasi iliyokunjwa ndani ya kitenge. Demande d'explication. Hakujibu mabadiliko ya Jumatano, ajieleze ndani ya saa arobaini na nane. Nilimsomea mara mbili. Nilikuwa nimejibu. Nilijua nimejibu, nilikuwa na ujumbe niliotuma, pale kwenye simu, moja chini ya moja. Nikamwandikia jibu kwa jina lake: kwamba alijibu, kwamba pengine ni mtandao.

Wiki iliyofuata ilikuja mabadiliko mengine, na safari hii nilijibu 1 mara tano, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango ambao hafunguliwi. Demande ya pili ikaja. Nikaanza kuamka kabla ya jogoo kuangalia simu. Wiki nyingine, Ijumaa, ya tatu. Ya tatu haikutaka jibu la kuandika. Ilimtaka afike mwenyewe ofisini Jumatatu saa tatu, pamoja na mkuu wa timu yake kama shahidi.

Siku mbili hizo za katikati niliziishi nimesimama. Sikuelewa kosa liko wapi, lakini nilielewa vizuri kabisa kwamba namba ile ilikuwa yangu, kwamba nilimsainisha Mama Mukubwa uongo, na kwamba nikiusema nitaulizwa mimi. Ningeweza kupanda ofisini Jumamosi na kusema. Nilipanda kweli. Nilifika hadi kwenye ngazi ya mwisho, nikasalimia watu, nikashuka. Nilikuwa mwoga, na sina neno zuri zaidi la kulipamba hilo.

Jumatatu tulipanda pamoja, yeye mbele. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda misa. Njiani mimi niliyezoea kusema kwa ajili ya wote nilihesabu ngazi. Ofisi ya mkuu wa wafanyakazi iko juu, ina dirisha kubwa na mtandao mzuri. Alitukaribisha viti, akamuuliza Mama Mukubwa hali ya nyumbani, kisha akageuza kompyuta kidogo ili aone.

"Mama, mashine inasema haukujibu mara tatu. Juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Mama Mukubwa akanitangulia.

"Ni kweli, chef. Niliona ujumbe, nikasahau kujibu. Nimezeeka. Akili inakimbia."

Alisema vizuri mno, kwa sauti ya bibi kizee ambayo sijawahi kumsikia nayo, yeye ambaye hasahau hata idadi ya foronya za wodi ya watoto. Nikaelewa anafanya nini. Ananificha. Anaweka miezi yake iliyobaki mezani ili mimi nisiulizwe. Na mimi nilikaa pale kwenye kiti cha shahidi, mikono juu ya aproni, nikamwacha.

Mkuu wa wafanyakazi hakufurahi. Nadhani hakuwa anatafuta kumfukuza mtu. Alisugua paji la uso, akasema, "Labda si wewe, Mama. Labda telefone yako njo mbaya. Acha nijaribu, nikutumie moja sasa hivi."

"Haina haja, chef."

"Dakika moja tu."

Akabonyeza. Tukangoja. Alimtazama Mama Mukubwa, anatarajia atie mkono kwenye mfuko au kwenye kitenge. Mama Mukubwa alitazama dirishani, kuelekea ng'ambo ya bonde, kuelekea kwake.

Aproni yangu ikatetemeka.

Ndani ya ule mfuko wa plastiki simu ilifanya kelele kama panya kwenye karatasi. Hakuna mashine ya kukamua pale ofisini ya kuisingizia. Nikaitoa, nikaifungua, nikaiweka mezani mbele yake. Ujumbe ulianza na namba ya kazi ya Mama Mukubwa.

"Ni yangu, chef," nikasema. "Yeye hana telefone. Mimi njo niliandika namba yangu, na mimi njo nilimusainisha. Na nilijibu kila mara. Angalia."

Alichukua simu, akasoma 1 zangu zote, moja baada ya nyingine, kisha akafungua kwenye kompyuta orodha ya majibu yaliyofika. Yote yalikuwepo. Ijumaa mawili, Jumatano mawili, wiki ya hasira matano, na ya wiki ya mwisho pia. Na yote, hadi la mwisho, yalikuwa yamewekwa chini ya jina langu. Akanieleza bila ukali: mashine haioni mtu, inaona namba iliyotuma jibu. Ikikuta namba hiyo kwa watu wawili inasimama kwa wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza nilikuwa mimi, kwa kuwa nilianza na fomu yangu.

Yaani kwa majuma yote yale ya kupanda na kushuka, kila nilichokuwa namtumia yeye nilikuwa najitumia mwenyewe.

Barua zake tatu zilifutwa siku hiyo, mbele yetu, kwa kalamu na muhuri. Mimi nilipewa yangu moja, ya onyo, kwa fomu ya uongo, na ukuu wa timu ukaenda kwa mwenzetu wa Kasha. Nilisaini. Nilistahili, ingawa ninapoikumbuka mpaka leo masikio yanapata joto. Fundi wa ile mashine alifanya marekebisho siku chache baadaye: anayeshiriki simu na mwenzake atajibu 1 ikifuatwa na namba ya kazi, na mashine itajua ni nani.

Tukashuka ngazi. Katikati ya mteremko Mama Mukubwa alisimama apumzike, akashika ukuta.

"Nilikuwa nimedanganya muzuri kabisa," akasema. "Telefone yako ikaniharibia."

"Mama, nisamehe."

"Juu ya nini haukusema mbele ya leo?"

"Niliogopa."

Akauachia ukuta. "Miye pia niliogopa," akasema. "Lakini nilisema kitu." Kisha akaendelea kushuka, na nguo za wodi ya uzazi zilikuwa zinatusubiri kwenye maji baridi.

Kwa miezi iliyobaki nilijibu 1 na namba yangu, 1 na namba yake. Mashine haikukosea tena hata mara moja. Mimi ndiye niliyeendelea kuhangaika, kupanda barazani, kufungua plastiki, kuhesabu majibu. Yeye hakunitajia tena habari ya ofisini, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angenitajia. Nilipomletea zamu zake Ijumaa alizirudia kwa vidole kama kawaida, akasema asante maman, kama kwa mwanamke yeyote, akaendelea kufua. Zamani aliniita mutoto wangu.

Alitoka na barua yake ya kustaafu mkononi. Tulinunua soda, tukaimba, mkuu wa wafanyakazi akashuka hadi chumba cha kufulia kwa mara ya kwanza na kugonga kichwa kwenye bomba. Mama Mukubwa alinikumbatia kama alivyowakumbatia wengine, kwa muda ule ule. Nilihesabu.

Blanketi jekundu sasa linatandikwa chini ya meza ya pasi, tunapangusia miguu. Hakuna anayetazama ng'ambo asubuhi. Mwenzetu wa Kasha analala hadi ujumbe ufike, ana haki yake, na timu anaiongoza vizuri kuliko mimi. Najua kwa sababu nimejaribu kutafuta kasoro.

Mama Mukubwa bado hana simu. Ukitaka habari zake lazima upande kwa miguu hadi kwake, ugonge, ukae, ule. Mwanzoni nilikwenda kila wiki, kisha kila mwezi. Tangu Pasaka sijakwenda, na kila Jumapili nina sababu, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumwambia usoni.

Ijumaa saa kumi natoka, napanda ngazi hadi barazani. Simu inatetemeka. Najibu 1 na namba yangu ya kazi. Halafu nabaki pale na simu mkononi, macho ng'ambo kwenye paa lake, nikingoja itetemeke mara ya pili, mpaka waniite kutoka chini kwamba maji yamejaa.